Siku ipi ilinganishwe na siku ya mshtuko wa moyo?

*"Shikamoo Profesa. Ninasoma shahada ya uzamili ya afya ya jamii Dar es Salaam. Nimekusanya mafaili ya wagonjwa wapatao 300 waliolazwa kwa mshtuko wa moyo kati ya Oktoba 2023 na Machi 2024, pamoja na kipimo cha joto la juu la kila siku. Sina watu wenye afya wa kuwalinganisha nao, kwa hiyo kila mgonjwa nimemlinganisha na yeye mwenyewe: joto la siku aliyolazwa dhidi ya joto la siku ya saba kabla yake. Nimepata ongezeko la hatari la asilimia 14 kwa kila nyuzi moja ya joto. Msimamizi wangu anauliza mbona sikurekebisha umri na uvutaji sigara. Mwenzangu naye anasema ningechukua pia siku za baada ya tukio, ilhali baadhi ya wagonjwa walishafariki. Nani yuko sahihi?"*

Marahaba. Nianze na hoja ya msimamizi wako, kwa kuwa ndiyo nyepesi kuliko zote. Utafiti wa kawaida wa kulinganisha wagonjwa na watu wasiougua huuliza kwa nini huyu ameugua na yule hakuugua, na ndiyo maana umri, sigara na kisukari huingia katika hesabu, kwani watu wawili hutofautiana kwa mambo hayo. Wewe umeuliza swali jingine: mtu huyu ambaye tayari ana mishipa iliyosinyaa, kwa nini moyo wake ulishtuka Alhamisi hii na si Alhamisi nyingine? Umri wake haukubadilika kati ya Alhamisi hizo mbili, wala jinsia yake, wala miaka ishirini aliyovuta sigara. Jambo lisilobadilika ndani ya mtu katika muda huo mfupi linakuwa sawa pande zote za ulinganisho na kujifuta lenyewe. Ukiliingiza katika modeli, programu itakataa kulikadiria, na itakuwa imefanya haki. Unachoweza kuuliza ni kama joto huwaathiri wenye kisukari zaidi ya wasio nacho, na hilo hupatikana kwa kuyachambua makundi hayo mawili kila moja peke yake au kwa kuweka kipengele cha mwingiliano kati ya joto na kisukari. Ila mambo yanayobadilika siku hadi siku, kama unyevu wa hewa, sikukuu na mfungo, hayajifuti, na nitayarudia.

Muundo huu wa kumlinganisha mgonjwa na yeye mwenyewe ulielezwa na Malcolm Maclure mwaka 1991, akiwa na lengo hilohilo la kutafuta kinachochochea mshtuko wa moyo kwa ghafla. Miaka miwili baadaye Murray Mittleman na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 1,228 waliohojiwa nchini Marekani kuhusu kazi au mazoezi mazito waliyoyafanya katika saa moja kabla ya maumivu kuanza, na majibu yao yakalinganishwa na mazoea yao ya kawaida ya mwaka uliotangulia. Hatari katika saa hiyo ilikuwa karibu mara sita ya kawaida. Kwa waliozoea mazoezi mara tano au zaidi kwa wiki ilikuwa mara 2.4 tu, na kwa wasiofanya hata mara moja kwa wiki ilizidi mara mia moja. Muundo uliwafaa kwa sababu kichocheo kilikuja na kuondoka, athari yake ilikuwa fupi, na saa ya tukio ilijulikana. Joto kali na mshtuko wa moyo vinakaribia kutimiza masharti hayo. Mtu akitoka jasho jingi damu hupungua maji na kuwa nzito, mishipa ya ngozi hutanuka, na moyo hulazimika kupiga kwa kasi zaidi, na yote hayo hutokea ndani ya saa chache hadi siku chache.

Sasa tuje kwenye asilimia 14 yako, ambayo kwa maoni yangu si matokeo ya joto, au walau sehemu kubwa yake siyo. Kosa halimo katika kumlinganisha mtu na nafsi yake. Limo katika siku uliyoichagua.

Dar es Salaam joto la juu la mchana huwa karibu nyuzi 29 mwezi Julai, kisha hupanda polepole hadi kufikia nyuzi 32 au zaidi kidogo Februari. Wagonjwa wako wengi wameugua wakati joto likiwa katika kupanda huko. Kila ulipochukua siku saba nyuma ulikuwa, kwa wastani, unachukua siku ya baridi kidogo kuliko siku ya tukio, hata kama joto halina uhusiano wowote na moyo. Utaniambia kwamba mpando wa wiki moja ni mdogo mno, na ni kweli. Lakini tofauti ya joto kati ya siku mbili za pwani nayo ni ndogo, na hapo ndipo hesabu inapodanganya. Tuchukulie kwamba joto linapanda sehemu moja ya kumi ya nyuzi kwa wiki, na kwamba siku mbili zilizopishana wiki moja hutofautiana kwa kiasi cha nyuzi 1.2 hivi, kwenda juu au chini. Kwa jozi za siku mbili, mgawo wa rigresheni hukaribia mara mbili ya wastani wa tofauti, ukigawanywa kwa wastani wa tofauti hizo zilizopigwa mraba. Mara mbili ya 0.1 ni 0.2, na ukigawa kwa 1.45 unapata karibu 0.14 kwa kipimo cha logi, yaani ongezeko la hatari la asilimia 15 kwa kila nyuzi. Hujagusa bado mgonjwa hata mmoja, na tayari umeshapata jibu lako.

Usinikubalie kwa maneno tu, jaribu mwenyewe. Mpe kila mgonjwa tarehe bandia iliyochaguliwa kwa bahati nasibu kati ya Oktoba na Februari, kisha rudia uchambuzi wako ule ule wa siku saba nyuma. Rudia zoezi hilo mara mia kadhaa na uchukue wastani. Tarehe bandia haziwezi kuchochewa na joto, kwa hiyo njia iliyo safi lazima itoe wastani ulio karibu na sifuri. Njia yako, nadhani, itatoa athari yenye sura ya kweli kabisa. Mimi huwataka wanafunzi wangu wafanye jaribio hili kabla ya kufungua faili la matokeo, kwa kuwa mtu akishaona nambari inayompendeza huwa mgumu wa kuiacha.

Mwenzako kwa hiyo ameona jambo la kweli: ukichukua siku za kabla na za baada, mpando wa msimu husawazishwa. Kuhusu marehemu, ni kweli kwamba mtu aliyefariki Alhamisi hakuwa katika hatari yoyote Alhamisi iliyofuata. Lakini angalia unachokitafuta katika siku hiyo. Kama ungekuwa unauliza juu ya mazoezi mazito, siku za baada zingekuwa upuuzi, kwa sababu aliyenusurika yuko kitandani na aliyefariki hayupo. Tukio lenyewe limebadilisha kichocheo. Joto la jiji halibadilishwi na kulazwa kwa mgonjwa. Siku za baada zinatumika kukuonyesha joto lilivyokuwa kwa kawaida katika majira hayo, nazo zinatoa ushahidi huo sawasawa na siku za kabla. Kwa kichocheo kitokacho nje ya mtu, na kwa tukio lililo adimu katika jamii, upotofu unaotokana na siku hizo ni mdogo kiasi cha kutohesabika.

Hata hivyo, usichukue siku saba kabla na siku saba baada kisha ukaridhika, maana hapo kuna mtego ambao watafiti wenyewe waliutambua baada ya miaka kadhaa. Jiulize hivi: nikimpa mgeni orodha ya tarehe za mgonjwa mmoja bila kumwambia ipi ndiyo ya tukio, je, ataweza kuitambua kwa kuangalia kalenda tu? Kwa njia yako atajibu mara moja kwamba ni ile ya mwisho. Kwa njia ya saba kabla na saba baada atajibu kwamba ni ya katikati. Hesabu tunayoitumia imejengwa juu ya dhana kwamba, kama joto halina athari, kila siku katika orodha ilikuwa na nafasi sawa ya kuwa siku ya tukio. Mpangilio ukishaifichua siku hiyo kabla ya joto kutazamwa, dhana imevunjika, na makadirio hupotoka, wakati mwingine kidogo na wakati mwingine kwa kiasi cha athari yenyewe.

Njia inayofaulu mtihani huo ni kuigawa kalenda kwanza, bila kuangalia mgonjwa yeyote, katika makundi ya siku yasiyoingiliana: kwa kawaida siku zote zenye jina moja ndani ya mwezi mmoja wa mwaka mmoja. Kisha siku ya tukio hulinganishwa na wenzake wote wa kundi lake, wawe wametangulia au wamefuata. Thomas Lumley na Drew Levy waliieleza njia hii mwaka 2000, na leo ndiyo inayotumika zaidi katika tafiti za joto na uchafuzi wa hewa. Msimu unadhibitiwa kwa sababu siku zote ni za mwezi mmoja. Tofauti kati ya Jumatatu na Jumapili inadhibitiwa kwa sababu siku zote zina jina moja. Na mgeni wetu hana namna ya kukisia, kwa kuwa tukio linaweza kuwa la kwanza, la tatu au la mwisho.

Tumchukue mgonjwa mmoja wa kubuni ambaye maumivu yake yalianza Alhamisi, tarehe 15 Februari 2024. Kundi lake ni Alhamisi zote za mwezi huo: tarehe 1, 8, 15, 22 na 29. Tuseme joto la juu katika siku hizo lilikuwa nyuzi 32.1, 33.0, 33.8, 32.6 na 31.9. Kama joto halina athari, nafasi ya tukio kuangukia tarehe 15 ni moja kwa tano, yaani asilimia 20. Kama kila nyuzi moja inaongeza hatari kwa asilimia 20, kila siku hupata uzito kulingana na joto lake: ukiipa siku ya tarehe 29 uzito wa 1, ile ya tarehe 15 inapata 1.41, na jumla ya uzito wa siku zote tano ni 5.81. Nafasi ya tarehe 15 sasa ni 1.41 kwa 5.81, karibu asilimia 24. Rigresheni ya lojistiki yenye masharti haifanyi zaidi ya hapo: inatafuta thamani ya athari inayofanya tarehe za wagonjwa wote, zikichukuliwa pamoja, ziwe zenye kutarajiwa zaidi. Katika R, jedwali likiwa na mstari mmoja kwa kila siku ya kila mgonjwa, na safu ya `tukio` ikiwa 1 kwa siku ya tukio na 0 kwa nyingine, amri ni hii:

```r
library(survival)
m <- clogit(tukio ~ joto + unyevu + sikukuu + strata(mgonjwa), data = d)
summary(m)
```

Zingatia jinsi mgonjwa huyo alivyosema machache. Athari kubwa ya asilimia 20 kwa nyuzi imeihamisha nafasi ya siku yake kutoka 20 hadi 24 tu. Na kama Alhamisi zake zote tano zingekuwa na joto moja, asingesema lolote, hata kama siku zote hizo zilikuwa za kuunguza. Nitarudi hapa, maana ndipo penye habari isiyofurahisha.

Kabla ya hapo kuna tarehe zenyewe. Umetumia siku ya kulazwa, ilhali kichocheo kinapaswa kutangulia mwanzo wa maumivu. Mgonjwa aliyeumwa kifua Ijumaa usiku, akanywa dawa ya vidonda vya tumbo, akapitia zahanati na kufika hospitali kubwa Jumatatu, katika jedwali lako amepewa joto la Jumatatu. Makosa ya namna hiyo mara nyingi huififisha athari ya kweli, na kupanga siku kwa majina hakuyaponyi, kwa sababu Jumatatu za kulazwa si Jumatatu za kuumwa. Rudi kwenye mafaili usome maelezo ya daktari aliyempokea, utafute sentensi inayosema maumivu yalianza lini, na uchambue kwanza wale ambao siku hiyo inajulikana. Ukibaki na wagonjwa 180 wenye tarehe za uhakika, mimi nitawaamini zaidi ya 300 wenye tarehe za mapokezi.

Usiishie pia kwenye joto la siku hiyohiyo. Katika wimbi la joto la Chicago la Julai 1995, lililoua watu zaidi ya 700, joto lilifikia kilele Alhamisi tarehe 13, lakini vifo vya siku moja vilikuwa vingi zaidi Jumamosi tarehe 15. Aliyelinganisha kila kifo na joto la siku ileile pekee angekosa sehemu kubwa ya kisa. Kwa vifo vya jumla hutumika wastani wa siku ya tukio na siku mbili tatu zilizotangulia. Kwa mshtuko wa moyo athari huenda ikawa ya saa badala ya siku. Amua dirisha hilo kabla ya kuchambua na uliandike katika pendekezo lako, maana anayejaribu madirisha kumi hakosi moja la kumfurahisha.

Machi 2024 inahitaji uangalifu wa pekee. Mfungo wa Ramadhani ulianza kati ya tarehe 11 na 12 ya mwezi huo, kwa hiyo mgonjwa wa Jumanne tarehe 19 atalinganishwa na tarehe 5, ambapo watu walikuwa wakila na kunywa mchana, pamoja na tarehe 12 na 26 za mfungo. Mfungo hubadilisha maji mwilini, usingizi na saa za kumeza dawa, na katika mwezi huo athari yake inaweza kuchanganyika na ya joto. Ama weka kipengele cha siku za mfungo katika modeli, ama uigawe Machi katika makundi mawili, ingawa hapo utabakiwa na siku chache za kulinganishia. Kwa jiji lenye Waislamu wengi kama Dar es Salaam, kulinyamazia jambo hili ni kasoro ambayo mtahini makini ataiona.

Sasa habari yenyewe. Katika utafiti wa Uingereza na Wales uliochapishwa mwaka 2012, wenye wagonjwa 24,861 na vipimo vya joto vya kila saa, Krishnan Bhaskaran na wenzake walikuta kwamba juu ya nyuzi 20 kila nyuzi moja iliongeza hatari ya mshtuko wa moyo kwa asilimia 1.9 katika saa moja hadi sita zilizofuata. Baadaye hatari hiyo ilishuka chini ya kawaida, ishara kwamba joto huenda liliwahisha mshtuko kwa watu ambao ungewapata karibuni hata hivyo. Sisemi mwili wa mkazi wa Temeke ni sawa na wa mkazi wa London, lakini shika ukubwa wa idadi hizo. Pwani yetu, joto la Alhamisi za mwezi mmoja hutawanyika kwa kiasi cha nyuzi moja hivi. Kwa mtawanyiko huo, wagonjwa 300 watakupa masafa ya uhakika yenye upana wa karibu asilimia 12 kila upande. Athari ya asilimia mbili itazama humo bila kuonekana. Kuikamata kungehitaji wagonjwa wapatao 20,000. Ukipata "hakuna athari" baada ya kurekebisha njia yako, matokeo hayo yatakuwa yanasema tu kwamba athari, kama ipo, si kubwa mno.

Una njia tatu, na sidhani zina uzito sawa. Unaweza kuunganisha mafaili ya hospitali kadhaa na miaka kadhaa, na hiyo ndiyo ningeipendelea kama una muda, hasa ukiongeza miji ya bara ambako joto la mchana hupanda na kushuka zaidi ndani ya mwezi mmoja. Unaweza kubadili kipimo cha kichocheo, ukaweka joto la chini la usiku au joto linalohisiwa baada ya kuhesabu unyevu. Kwa pwani hili lina mantiki, kwa kuwa unyevu ndio unaozuia jasho kukauka, lakini halitakuongezea wagonjwa. Au unaweza kuiita tasnifu yako kwa jina lake la haki, yaani utafiti wa kupima kama mafaili yetu yana tarehe za maumivu zinazotosha kufanya uchambuzi huu. Hiyo ya tatu ndiyo inayotimilika katika muda wa uzamili, na wahitimu wachache huwa na ujasiri wa kuichagua.

Mambo mawili usiyamalize peke yako kwa kuandikiana nami. Kurudi kwenye mafaili kusoma maelezo ya madaktari ni zaidi ya kibali cha kuchukua tarehe za kulazwa, kwa hiyo ipelekee kamati ya maadili iliyokupa kibali cha kwanza ombi la marekebisho kabla hujafungua faili moja. Na kabla ya kugawa makundi ya siku, kaa na mtakwimu wa chuo chako ana kwa ana, mkiwa na jedwali lako halisi mezani, mpitie wagonjwa wawili watatu mstari kwa mstari. Mgonjwa wa Oktoba akionekana na siku ya kulinganishia ya Novemba, au mwenye mistari miwili ya `tukio` iliyo 1 kwa kuwa alilazwa mara mbili ndani ya mwezi, mtamwona hapo. Huyo aliyelazwa mara mbili mpe namba mbili tofauti, moja kwa kila tukio, iwapo daktari amethibitisha kwamba ni mishtuko miwili na si mmoja uliomrudisha wodini.